Picha ya viza ya Marekani: miwani na vivuli huondolewa kabla ya kupiga, si baada

Anayeomba viza ya Marekani ya utalii, masomo au matibabu hujaza fomu ya DS-160 mtandaoni, na kabla ya kuimaliza hutakiwa kupakia picha yake. Wengi hukwama hapo wakiwa na picha inayopendeza kabisa. Studio imefuta miwani, imeondoa kivuli cha shingoni, imesafisha uso na kuweka ukuta mweupe ambao haukuwepo. Mwombaji analipa, anashukuru, kisha picha inakataliwa, naye haelewi kosa liko wapi, maana masharti yanasema wazi kwamba miwani haitakiwi na vivuli havitakiwi.

Masharti yanasema hivyo kweli. Ila yana sharti jingine ambalo studio nyingi hulipita bila kulisoma: picha isibadilishwe kwa programu kwa namna yoyote inayogeuza mwonekano wa mtu. Yakisomwa pamoja, maana yake ni kwamba miwani uivue kwa mkono wako kabla ya kupigwa picha, na kivuli kiondolewe kwa kupanga mwanga. Kompyuta haina ruhusa ya kuifanya kazi hiyo kwa niaba yako. Nimeona watu wakipoteza pesa na siku za kazi kwa kutolijua hili, ndiyo maana nalieleza kwa urefu.

Kinachoharibika miwani ikifutwa

Tangu tarehe 1 Novemba 2016 Marekani hairuhusu miwani kwenye picha za pasipoti na viza, hata ile ya kusomea yenye vioo safi. Picha hiyo haitazamwi na ofisa peke yake. Mashine nazo huipima ili kuilinganisha na picha nyingine, na siku ukifika uwanja wa ndege wa Marekani, kamera ya mpakani hulinganisha uso wako na picha iliyo kwenye kumbukumbu zao. Eneo la macho lina uzito mkubwa katika vipimo hivyo: umbali kati ya jicho na jicho, kona za macho, mstari wa nyusi, mwanzo wa pua. Miwani inakaa juu ya eneo hilohilo.

Sasa fikiria fundi anapofuta fremu. Chini ya fremu kamera haikuona kitu. Hakuna ngozi iliyojificha humo inayongoja kufunuliwa. Programu, iwe ni brashi ya kunakili ya Photoshop au kifutio cha akili mnemba kilichomo kwenye simu, huchukua ngozi ya jirani na kubuni kile kinachoweza kuwa kilikuwepo. Nyusi inayotokea hapo ni ya kubuni, na ngozi ya chini ya jicho pia ni ya kubuni. Huenda inafanana na yako, lakini si yako.

Lenzi ina tatizo kubwa zaidi ya fremu, na mafundi wengi hawalifikirii. Lenzi ya mtu asiyeona mbali hufanya jicho lionekane dogo kuliko lilivyo, na huvuta ndani ukingo wa uso unaoonekana kupitia kioo. Mtazame kwa makini mtu mwenye miwani ya nguvu: pale kioo kinapofika pembeni ya uso, mstari wa shavu na kipaji unakatika na kuingia ndani kidogo. Lenzi ya mtu asiyeona karibu hufanya kinyume, inakuza jicho. Fundi akifuta fremu na kuacha macho, anaacha macho yenye ukubwa usio wa kweli pamoja na shavu lenye ngazi ambayo hakuna binadamu anayo.

Ofisa mzoefu huziona alama hizo bila mashine. Nyusi inakatika katikati kisha inaendelea ikiwa na vinyweleo vya namna nyingine. Ngozi ya chini ya macho ni laini kama plastiki ilhali ya mashavu ina vitundu. Kando ya pua zimebaki alama mbili za vishikio vya miwani, au kivuli cha fremu bado kimelala juu ya shavu ingawa fremu yenyewe haipo. Wewe pia unaweza kujikagua hivyo: kuza picha hadi macho yajaze skrini, kisha linganisha ngozi ya pale na ngozi ya kidevuni.

Kuna watu hukasirika hapa, wakisema nia yao ilikuwa njema. Naamini. Lakini anayeipokea picha haoni nia, anaona uso uliochezewa. Njia hizohizo za kuhariri hutumiwa na wanaochanganya nyuso za watu wawili kuwa moja ili hati moja itumike na wawili, na anayekagua hana namna ya kumtenga mwenye nia njema na mwenye hila kwa kutazama pikseli tu. Ndiyo maana sharti halisemi "usibadilishe sana". Linasema usibadilishe.

Kivuli nacho ni sehemu ya umbo

Vivuli viko vya namna mbili, na si vizuri kuvichanganya. Kimoja ni kile kinacholala usoni: chini ya nyusi, upande mmoja wa pua, chini ya mdomo. Kingine ni kile kinachoanguka ukutani nyuma yako.

Kivuli kikali cha usoni huficha umbo. Jicho likizama gizani, kona zake hazipimiki. Hata hivyo, dawa ya fundi, yaani kuchukua brashi na kung'arisha sehemu ile, huharibu zaidi. Pua tunaiona ina kimo kwa sababu upande wake mmoja ni mweusi kidogo kuliko mwingine, na taya tunaiona kwa sababu chini yake pana giza. Ukifuta tofauti hiyo, pua inakuwa bapa, taya inaungana na shingo, na uso unakuwa mwembamba au mpana kuliko ulivyo. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi balaa hili ni la kila siku, kwa sababu fundi akishaanza "kutoa kivuli" huishia kung'arisha uso mzima, na rangi ya mtu inageuka. Picha inayombadilishia mtu rangi ya ngozi imeshabadilisha mwonekano wake. Haijalishi wameiita kusafisha.

Kivuli cha ukutani huonekana kama jambo dogo, lakini kukifuta kuna hatari yake. Mara nyingi fundi hakifuti kivuli peke yake. Humkata mtu mzima na kumbandika kwenye weupe mpya. Mkato huo hula ncha za nywele, hupunguza masikio, na kwa mwanamke aliyevaa hijabu huacha ukingo wa kitambaa ukiwa mkali kama umekatwa kwa mkasi. Wakati mwingine unabaki mstari mwembamba wa rangi ya ukuta wa zamani ukizunguka kichwa. Zile studio zinazobandika koti na tai juu ya fulana ziko katika kundi hilohilo.

Mfano: muuguzi wa Mombasa mwenye miwani na hijabu

Tuseme ni mwanamke anayevaa miwani ya kuonea mbali tangu utotoni, na hijabu kila siku. Studio imempiga akiwa na miwani, kisha ikaifuta. Picha hiyo haina matengenezo. Aiache, na apige nyingine hivi.

Aanze na miwani. Aivue mapema, robo saa au zaidi kabla ya kupiga, ili alama za vishikio puani zipungue zenyewe. Asiyeona vizuri bila miwani huwa anakunja macho kuitafuta kamera, na macho yaliyokunjwa nayo ni kasoro. Basi anayempiga asimame, anyanyue mkono kando ya lenzi na kusema, "Dada, tazama hapa kwenye mkono wangu." Sauti na mkono vinamsaidia kuelekeza macho bila kujikaza.

Hijabu haimlazimu kuivua. Masharti yanaruhusu kilemba au mtandio unaovaliwa kila siku kwa sababu za dini, mradi uso wote uonekane na kitambaa kisitupe kivuli usoni. Kitambaa kikichomoza mbele ya kipaji kama paa, ndicho kitakacholeta kivuli machoni. Akirudishe nyuma kidogo hadi kilale sambamba na kipaji, na mashavu yote mawili yaonekane hadi kidevuni. Kama ukuta ni mweupe, avae mtandio wa rangi iliyokoza ili mpaka wake uonekane.

Kisha ukuta. Unatakiwa weupe au unaokaribia weupe, usio na michoro. Shuka jeupe lililonyooshwa linafaa. Jambo la kukumbuka ni kutouegemea. Akae au asimame mbele yake mita moja au zaidi, na kivuli kitaanguka chini sakafuni badala ya kuonekana nyuma ya kichwa. Hatua hiyo moja inaondoa kazi yote ambayo fundi angeifanya kwa mkato.

Mwanga bora ni wa dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja, naye aelekee dirishani uso mzima. Anayempiga asimame kati yake na dirisha bila kuuziba mwanga. Dirisha likiwa ubavuni, nusu ya uso itakuwa nyeusi. Taa ya darini iliyo juu ya kichwa ndiyo inayochimba mashimo ya giza machoni, kwa hiyo izimwe. Kivuli cha chini ya kidevu kikibaki kizito, ashike karatasi kubwa nyeupe mapajani, nje ya picha. Itarudisha mwanga juu. Flashi ya simu isitumike, maana inang'arisha kipaji na kutupa kivuli kikali nyuma.

Kwa mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, simu hudanganyika. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso unatoka mweusi tii bila umbo. Watu wakiona hivyo hukimbilia kuhariri. Dawa iko kwenye simu yenyewe kabla ya kubonyeza: gusa uso kwenye skrini ili simu ipime mwanga hapo, na kama bado ni giza, pandisha kidogo kile kialama cha jua kinachotokea pembeni. Huo ni mpangilio wa kamera wakati wa kupiga. Picha haijabadilishwa.

Kamera ikae usawa wa macho, umbali wa mita moja na nusu hivi. Ikisogezwa karibu sana pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Ndiyo maana picha ya kujipiga kwa mkono haifai. Mpangilio wa `Portrait` uzimwe kwa sababu unafifisha kingo za kichwa, na `Beauty` ushushwe hadi sifuri. Simu nyingi zinazouzwa kwetu huja na `Beauty` ikiwa imewashwa, nayo hulainisha ngozi na kuchonga taya bila kukuuliza. Mtu anaweza kuapa kwamba hakuhariri kitu, na akawa anasema kweli, kumbe simu ilihariri kabla yake.

Apigwe picha kadhaa, uso ukitazama mbele, macho wazi, mdomo umefungwa, bila tabasamu la meno. Simu iliyopiga iwekwe na picha asilia isifutwe. Akihitaji kuituma kwa WhatsApp, aitume kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na ngozi inapoteza chembechembe zake.

Unachoruhusiwa kufanya kwenye kompyuta

Kazi iliyobaki ni ya vipimo, na hiyo inaruhusiwa: kukata kingo, kupunguza ukubwa na kubana faili. Picha ya kupakia iwe mraba, kuanzia pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, ya rangi, ya aina ya JPEG, na faili lisizidi kB 240. Kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni, kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya kimo cha picha. Macho yawe kati ya asilimia 56 na 69 ukipima kutoka chini.

Tuifanye hesabu ya yule muuguzi. Kwenye picha asilia, kichwa chake kina urefu wa pikseli 1400. Tunataka kichukue asilimia 60, ili kiwe salama katikati ya mipaka. Gawanya 1400 kwa 0.6, unapata karibu 2330. Kata mraba wa pikseli 2330 kila upande, kisha upunguze hadi 1000 kwa 1000. Sasa kichwa kina pikseli 600. Ukiukata mraba huo ili kidevu kikae pikseli 320 hivi kutoka chini, macho, ambayo kwa kawaida yako katikati ya kichwa, yatakaa karibu na 620, ndani ya mpaka unaotakiwa, na juu ya kichwa itabaki nafasi ya pikseli 80. Pande zote mbili zipunguzwe kwa uwiano mmoja. Ukilazimisha picha ndefu iingie kwenye mraba kwa kuibonyeza, uso unapanuka, na hilo ni badiliko la umbo kama lile la brashi.

Mwenye kompyuta yenye programu ya ImageMagick anaweza kufanya sehemu ya mwisho kwa amri moja, akishakata mraba:

```
magick mraba.jpg -resize 1000x1000 -define jpeg:extent=240kb viza.jpg
```

Zaidi ya hapo, weka kalamu chini. Usipake chunusi, usifute kovu, usikazie nyusi, usigeuze ukuta. Chunusi itapona na ofisa anajua hilo, kwa hiyo haina haja ya kuondolewa. Macho yakitoka mekundu kwa flashi, piga tena bila flashi. Na usirudie picha ya zamani eti kwa sababu ilikuwa safi: inatakiwa iwe imepigwa ndani ya miezi 6 iliyopita.

Asiyeweza kuvua miwani

Msamaha upo, ila ni mwembamba. Ni kwa mtu ambaye kwa sababu za kitabibu hawezi kabisa kuivua, mfano aliyefanyiwa upasuaji wa macho hivi karibuni na miwani inalinda jicho. Anatakiwa awe na barua iliyosainiwa na daktari au mhudumu wa afya. Hata akikubaliwa, fremu isifunike macho, vioo visiwe na mng'ao, na pasiwe na kivuli wala mpindo wa lenzi unaoficha jicho. Kutoona vizuri bila miwani peke yake hakutoshi. Kifaa cha kusaidia kusikia, kwa anayekivaa siku zote, hakihitaji kuvuliwa.

Watu huniuliza kama wakivua miwani pichani watasumbuliwa uwanja wa ndege wakiwa wameivaa. La. Ofisa akitaka kulinganisha atakuomba uivue kwa dakika moja, na macho yako yatafanana na ya kwenye picha kwa sababu ni yako.

Tafadhali usiyachukue masharti haya ukayapeleka kwenye ombi la nchi nyingine. Pasipoti ya Uingereza inashauri miwani ivuliwe, ila anayelazimika kuivaa anaweza, mradi isiwe ya rangi na macho yasizibwe na fremu, mng'ao au kivuli. Kanada nayo inakubali miwani ya macho isiyo na rangi kama macho yanaonekana wazi. Lakini katika hizo zote, picha iliyobadilishwa kwa programu haikubaliwi. Kwa hiyo mwenye miwani inayong'aa pichani anainamisha fremu kidogo au anaivua, kisha anapiga upya.

Ukienda studio, na baada ya kupakia

Si lazima upige nyumbani. Studio nzuri ina taa mbili na ukuta mweupe, na kazi inakuwa nyepesi. Ila zungumza na fundi kabla hajaanza: "Kaka, naomba picha ya viza ya Marekani, inchi 2 kwa inchi 2. Usisafishe uso, usibadilishe nyuma, usifute chochote. Kukiwa na kivuli, tupige tena." Vipimo vitaje mwenyewe, kwa sababu wengi hutoa moja kwa moja saizi ya milimita 35 kwa 45. Ile ya Marekani ni milimita 51 kwa 51, na kichwa kwenye karatasi kiwe kati ya milimita 25 na 35. Kisha omba faili asilia kutoka kwenye kamera, si lile lililopita kwenye kompyuta yake.

Ukipakia kwenye DS-160, mfumo huikagua picha papo hapo. Kupita ukaguzi huo kunaonyesha tu kwamba vipimo vimekubalika. Ofisa wa viza bado ana uamuzi wa mwisho na anaweza kudai nyingine. Ukichapisha ukurasa wa uthibitisho, tazama kisanduku cha picha. Ukikuta alama ya X badala ya uso wako, picha haikupokelewa. Hapo usijaze fomu upya kwa hofu. Chukua picha ya karatasi ya inchi 2 kwa 2, iliyochapishwa kutoka kwenye ile isiyohaririwa, na uende nayo kwenye mahojiano pamoja na ukurasa huo.